Sufuria imezaa, kwa hiyo ni lazima ife

Nafundisha vijana kuandika na kuigiza vichekesho vya jukwaani, na kila kundi jipya likija naanza na stori ileile ya Abunuwasi na sufuria, maana sijaona nyingine inayoonyesha wazi hivi kwamba upuuzi nao una sheria zake, tena kali.

Wengi mnaijua. Abunuwasi anaazima sufuria kubwa kwa jirani, baada ya siku kadhaa anairudisha na kisufuria kidogo ndani. "Jirani, hii sufuria yako ulinipa ina mimba, imezaa kwangu." Jirani anashangaa kidogo, halafu anachukua vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, safari hii harudishi. Jirani anamfuata. "Pole jirani, sufuria yako imefariki." Jirani anawaka, wanafika kwa kadhi, na kadhi anamuuliza jirani swali moja tu: ulikubali kwamba ilizaa? Basi kinachozaa hufa.

(Stori hii Waarabu wanayo kwa jina la Juha na Waturuki kwa jina la Nasreddin. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, visa vingi vilimwangukia tu huko mbele.)

Sasa hesabu uongo uliomo humo ndani. Ni mmoja tu, kwamba sufuria inaweza kuzaa. Ukishaupokea huo, kila kitu kingine kinafuata utaratibu wa uzazi kama tunavyoujua mtaani: mimba ilikuwepo kabla ya kuzaa, zilipita siku, mtoto ni mdogo kuliko mama, na mtoto ni wa aina ya mama. Jaribu kubadilisha kimoja uone. Abunuwasi arudishe sufuria na kijiko, aseme imezaa kijiko, stori inakufa hapohapo, msikilizaji anakaa kimya na hata hajui kwa nini, ila moyoni anajua kuku hazai bata. Arudishe sufuria na mtoto mkubwa kuliko mama yake, vilevile imeharibika. Yaani mtu aliyekubali sufuria izae anakataa katakata izae kijiko!

Kuna kijana mmoja kwenye darasa langu aliona mwisho wa zamani umechakaa, akaweka wake: sufuria haikufa, iliota mabawa ikaruka ikaenda zake angani. Kwake hicho ndicho kituko kikubwa zaidi, kwa hiyo kitachekesha zaidi. Hakucheka mtu. Tukakaa tukaitafuta sababu, nayo ni kwamba mabawa ni uongo wa pili, haukutoka kwenye ule wa kwanza, na jirani hakuwahi kuukubali. Kuzaa alikubali, tena kwa mkono wake, alipochukua kile kisufuria akakiweka jikoni kwake. Hapo ndipo alipofungwa. Angekataa, aseme "Bwana we, sufuria haizai, chukua chombo chako", Abunuwasi asingekuwa na kesi kabisa. Sufuria ikiruka jirani ana haki ya kulalamika, ikifa hana, na kicheko chote kinakaa kwenye hiyo tofauti.

Kitu kingine ambacho naking'ang'ania sana ni lugha. Vijana wengi wakifika kwenye kuzaa wanasema "sufuria amezaa". Mimi nawarudisha, "imezaa". Ukisema amezaa umeshaigeuza mtu, kama sungura na fisi wa hadithini, na kwenye dunia hiyo msikilizaji anategemea sufuria iongee, ijitetee, imtafute mwanawe. Ukisema imezaa imebaki chombo cha bati kilekile, ila kimezaa, na ule uongo unabaki mmoja.

Na kufa pia kuna mtego wake. Sisi tunasema simu imekufa, gari limekufa, kila siku, kwa hiyo ukisema "sufuria imekufa" jirani anaweza kuelewa imetoboka, akajibu tu lete niipeleke kwa fundi. Ndiyo maana nasisitiza "imefariki". Kufariki ni kwa binadamu, "i" ni ya chombo, vikigongana neno moja linabeba stori nzima, na fundi hana kazi tena hapo.

Yule kijana alirudia wiki iliyofuata. Akaacha mabawa, akasema imefariki, akashusha sauti kama mtu anayeleta habari ya msiba. Jirani wake akauliza, "Kaburi liko wapi?" Hilo hatukulipanga, mwenzake alilitoa papo hapo, na lilikuwa swali halali kabisa maana kilichokufa huzikwa. Kijana akafikiri kidogo, akajibu, "Tumeizika karibu na mafiga, ndiko ilikozoea." Watu walicheka hata kabla kadhi hajaingia.