Meli iko nangani, stoji haijaanza: dhana potofu za foleni ya bandari kwa sisi waagizaji wa Kigoma

Kila bandari ya Dar ikijaa, huku mwisho wa reli tunalishana maneno. Mmoja anasikia kitu Mwanga sokoni, anampelekea mwenzake Ujiji, jioni kimeshakuwa sheria. Mi naagiza nyavu, kamba na maboya ya wavuvi wa dagaa, na kontena moja la futi 40 lilinifundisha kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo naandika nilichokijua ili mwenzangu asilipie ujinga uleule.

Dhana: "Meli imekwama nje, stoji inanila tu na sina la kufanya."

Hapana. Meli ikiwa nangani stoji, yaani tozo ya kontena lako kukaa yadi, haijaanza kabisa. Saa ya stoji inaanza kontena likishateremshwa likakaa yadi, na hapo unapewa siku chache za bure kabla ya kuanza kutozwa. Kwa hiyo zile siku meli inasubiri gati ni siku umepewa bure za kumalizia makaratasi, na sisi wengi ndo siku tunazolala.

Mimi nililala. Meli yangu ilitia nanga tarehe 3, ikapata gati tarehe 14, kontena likashuka tarehe 15. Siku zote hizo nilikuwa napiga simu moja tu, "imeingia?", ajenti anajibu bado kaka, nakata simu. Kumbe bili ya ledingi orijino, ile karatasi ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani, ilikuwa bado iko kwa muuzaji China sababu sikuwa nimemalizia hela yake, na bila hiyo laini ya meli haitoi dilivari oda, yaani kibali chao cha kukukabidhi kontena, na bila dilivari oda hutoi kontena hata kama ushuru umelipa wote. Karatasi zimefika tarehe 20, ushuru nimelipa tarehe 22, halafu kontena lenyewe lipo chini ya wenzake kwenye mrundo, lori linaingia linatoka bila mzigo, mpaka tarehe 27 ndo limetoka getini.

Sasa angalia ningefanya nini. Manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo yake, inaingizwa kwenye mfumo wa forodha kabla meli haijafika, na forodha inaruhusu kutanguliza tamko la mzigo, asesimenti ya ushuru ikatoka, kontrol namba ya kulipia ikatoka, ukalipa meli ikiwa bado inaonekana kwa mbali baharini. Muuzaji naye kama mnaaminiana anaachia kwa teleksi rilizi, yaani ujumbe kwa laini kwamba upewe mzigo bila orijino, hamna bahasha ya kusafirisha tena. Ningekuwa nimefanya hivo kati ya tarehe 3 na 14, kontena likishuka tarehe 15 kazi iliyobaki ni lori tu.

Dhana: "Stoji, dimareji, ni kitu kilekile, ajenti anatuchanganya."

Hii ndo inaumiza kuliko zote, maana mtu akidhani ni bili moja anapambana na mtu mmoja wakati wanaomdai ni wawili tofauti na saa zao ni tofauti.

Stoji unamlipa mwenye yadi, yaani bandari au bandari kavu, zile yadi za kontena nje ya bandari, kwa sababu mzigo wako umekalia nafasi yake. Dimareji unailipa laini ya meli, kwa sababu umeshikilia kontena lake likiwa na mzigo ndani ya bandari zaidi ya siku za bure. Ukishalitoa getini inaitwa diteishen, bado ni laini ileile, na haiishi mpaka kontena tupu limerudi depo waliyokuandikia. Laini nyingi zinaunganisha hizo mbili, siku za bure zinahesabiwa mfululizo tangu kushushwa hadi kurudisha tupu. Na Jumapili inahesabiwa, Idi inahesabiwa.

Tuchukue lile kontena langu. Nitatumia viwango vya mfano sababu tarifu zinabadilika na kila laini ina zake, we weka namba zako. Tuseme stoji siku 5 za bure halafu dola 40 kwa siku, laini siku 10 za bure halafu dola 60 kwa siku, kuhesabu kunaanza tarehe 16.

Siku za bure za stoji zikaisha tarehe 20. Kuanzia 21 mpaka 27 ni siku 7, dola 280. Siku za laini zikaisha tarehe 25. Mimi nilifungua kontena Dar tarehe 28, nikahamishia marobota kwenye lori la kawaida, tupu likarudi depo tarehe 30. Kuanzia 26 mpaka 30 ni siku 5, dola 300. Jumla 580, na humo sijaweka vibarua wa kushusha na kupakia wala lile lori lililorudi bila mzigo.

Sasa ningeamua kulileta kontena lenyewe mpaka Kigoma? Zaidi ya kilomita elfu moja kuja, kushusha, halafu kurudi Dar na tupu, tuseme tupu linafika siku 9 baada ya kutoka getini. Hapo siku za laini zinakuwa 11, dola 660 badala ya 300, na diposti ya kontena inakaa kwao muda wote huo. Ndo maana wengi wetu huku tunafungua mzigo Dar. Ina ubaya wake, mzigo unaguswa na mikono mingi na marobota yanaweza kupungua njiani, kwa hiyo mwenye vioo au mashine afikirie mara mbili, ila nyavu haivunjiki.

Kuna saa nyingine ya tatu watu hawaijui kabisa, ya forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka mzigo utangazwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukizidisha, mzigo unaweza kuhamishiwa ghala la forodha, una ada yake, na ukiendelea kukaa mwisho wake ni mnada.

Dhana: "Jamaa yangu wa Kongo alipewa siku nyingi za bure, na mimi zangu ni hizohizo."

Mzigo wa transiti unaokwenda Kongo au Burundi unapewa siku nyingi za bure kuliko mzigo wa ndani. Kigoma ni Tanzania. Hata kama nyavu zako na za jamaa wa Uvira zimeshuka na meli moja, zikasafiri barabara moja, na zake zikaja kupandishwa boti hapahapa ziwani, makaratasi yako yanasema mzigo wa ndani na siku ni za mzigo wa ndani. Nimeona mtu ametulia wiki nzima kwa hesabu ya mwenzake.

Dhana: "Foleni ni kosa la bandari, nikilalamika watanifutia."

Mara nyingine wanapunguza, hilo ni kweli, ila hawafuti kwa sababu kulikuwa na foleni. Wanaangalia we ulikuwa tayari lini. Ukiwa na rilizi ya forodha ya tarehe 17, malipo ya tarehe 17, na ushahidi kwamba lori lako liliingia tarehe 18 na 19 na kontena halikutolewa, una kesi ya siku hizo na unaandika barua ukiambatanisha. Mimi ningeandika nini wakati ushuru nimelipa tarehe 22? Siku zile za mwanzo zilikuwa zangu.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia, kwamba hata sisi tunaijaza hiyo yadi. Hesabu yake ni rahisi tu: kama zinashuka kontena 1,000 kwa siku na kila moja inakaa siku 5, yadi inahitaji nafasi 5,000. Kila mmoja akichelewa siku 3, meli hazijaongezeka hata moja lakini nafasi zinazotakiwa ni 8,000. Yadi ikikaribia kujaa kontena zinapandishwa juu kwa juu, la kwako likiwa chini kreni inahamisha matatu ndo ilifikie, kila lori linachukua muda mrefu, meli iliyoko gatini haina pa kushushia na iliyoko nje inaendelea kusubiri. Bandari kavu zinapunguza hilo, ila hakikisha unajua kontena lako limepelekwa ipi, maana kuna watu wanalitafuta bandarini siku mbili nzima.

Dhana: "Mzigo unachukua siku 72 kwa wastani, basi naagiza siku 72 kabla."

Hii imenikosesha mauzo kuliko stoji ilivyonikosesha hela. Safari zangu tano kutoka kuagiza mpaka stoo zilikuwa siku 60, 58, 85, 62 na 95. Wastani ni 72 kweli, ila hamna hata safari moja iliyochukua siku 72! Tatu ziliwahi, mbili zilichelewa sana, na foleni ndo inavyofanya kazi, haiongezi siku kidogo kila safari, inakuacha salama mara mbili halafu inakupiga mara moja. Inatosha meli ikiachwa na zamu ya gati, au kontena libaki bandari ya kubadilishia meli kama Salalah au Colombo.

Mi nauza kama marobota 10 kwa wiki. Kwa siku 72 nahitaji 103 stoo siku naagiza. Safari ya siku 95 inahitaji 136. Yale 33 katikati ndo tofauti ya duka wazi na duka linalomjibu mvuvi "njoo wiki ijayo". Na mvuvi wa dagaa hasubiri, anatafuta nyavu giza la mwezi halijaingia, mwezi ukiwa mkubwa boti zimepumzika, kwa hiyo ukikosa siku 10 za giza hujakosa siku 10, umekosa mwezi mzima na mteja kaenda kwa mwingine pale Kibirizi.

Ila kuagiza mapema mno nako sio dawa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na nyavu iliyofika Juni ilikaa na mtaji wa watu ndani. Sa hivi naagiza kwa safari yangu mbaya, sio kwa wastani, ila kwa saizi za macho ya nyavu zinazotoka kila wiki tu. Zile zinazotoka pole pole naziacha kwenye siku 72, zikiisha ziishe. Na oda kubwa moja nimeigawa mbili, meli mbili tofauti, wiki tatu katikati, nauli ya meli inapanda kidogo ila foleni moja hainikamati na stoo yote.