Kitufe cha Linux hakionekani kwenye Chromebook ya shule: tuanzie chrome://policy

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea Chromebook akilalamika kwamba mwenzake ana Linux, yeye hana. Alikuwa ameshafungua Settings, akaingia About ChromeOS, akatafuta mstari wa "Linux development environment" na kitufe chake cha "Set up". Hakukuta kitu.

Kwenye mashine ya shule, anayeamua si aliyeishika mkononi bali ni edmini. Kwa hiyo mimi sihangaiki na Settings. Nafungua chrome://policy, ukurasa unaoonyesha sera alizoweka edmini, nikiwa ndani ya akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, natafuta sera mbili. CrostiniAllowed humhusu mtumiaji, VirtualMachinesAllowed huihusu mashine. Zote mbili lazima zisome true. Ya kwake ya kwanza ilikuwa true, ya pili false: akaunti yake ilikuwa kwenye kundi la darasa la kompyuta, lakini mashine yenyewe bado ilikuwa kwenye kundi la maktaba. Nikaihamisha mashine, nikabofya "Reload policies", nikaizima na kuiwasha. Kitufe kikajitokeza.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Ukubwa wa diski unaopendekezwa ni GB 10, nikauacha hivyo. Dirisha jeusi la Terminal lilipofunguka tukaandika:

```
sudo apt update
sudo apt install thonny -y
```

Thonny, ya kuandikia Python, ikakaa kwenye folda ya "Linux apps". Ukiona "Temporary failure resolving 'deb.debian.org'", usiilaumu Linux kwanza, mara nyingi ni mtandao wa shule unaoizuia anwani hiyo.

Programu za Android zina sera yao, ArcEnabled. Hapo usitarajie Play Store nzima: mwanafunzi huona zile tu ambazo edmini ameziidhinisha. Na kama ameingia na akaunti mbili kwa pamoja, Android haiwaki hata sera ikiwa true. Hili limenipotezea asubuhi nzima, sitaki likupotezee na wewe.

Msiwaone maedmini wakali wanapokataa Linux. Kichujio cha tovuti kinachofanya kazi kama kiendelezi cha Chrome hakiifikii Linux. Mtoto akisakinisha Firefox humo ndani, kiendelezi kile hakina habari naye. Sisi tulihamishia uchujaji kwenye mtandao wenyewe ndipo tukaruhusu, na kwa darasa lile moja tu.

Jambo jingine: Linux hukaa ndani ya akaunti ya mtumiaji, haiko kwa wote. Mashine ya GB 32 inayopokezanwa na wanafunzi wanne haiwezi kubeba Linux nne za GB 10. Ndiyo maana yule kijana sasa ana mashine yenye kibandiko cha namba yake, na hakuna mwingine anayeigusa.