Makro si kusogea karibu tu

Hapa Bukavu, karibu kila muuzaji wa saa au vikwembe anayeagiza foto za kuweka kwenye simu anaandika neno moja: "makro". Juzi mmoja ameagiza "makro ya saa nzima, skurubu zote zionekane". Nimemjibu kwa upole, lakini acha niseme kwa wote.

Makro ni kipimo. Foto ni makro kamili pale taswira inayoanguka kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, inapolingana na kitu chenyewe kwa ukubwa: milimita moja kwa milimita moja, ndiyo 1:1. Kukata foto ya kawaida na kuikuza si makro, hata ikijaza kioo cha simu. Wala ukungu wa nyuma si makro. Foto ya bibi harusi nayo inao.

Sasa angalia agizo lile. Kihisi cha fremu nzima kina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Saa yenye kipenyo cha milimita 40 haiwezi kuingia humo kwa 1:1. Kwa 1:2, yaani nusu ya ukubwa wake, inaingia vizuri, ila skurubu zake zinabaki vitone. Na kichwa cha skurubu chenye milimita moja na nusu, hata kwa 1:1 kamili, kinachukua sehemu moja tu kati ya 24 za upana wa foto. Kwa hiyo neno "makro" halimwambii mpiga foto anachotakiwa kukuonyesha. Mwandikie upana wa kile unachotaka kionekane: "milimita 12 za mgongo wa saa, skurubu ya kulia katikati, mfereji wa kichwa uwe mkali mwanzo hadi mwisho." Hapo atapiga 1:1, kisha atabakiza theluthi moja ya upana. Kwa kamera ya pikseli 6,000 kwa upana, zinabaki 2,000, na kwa simu zinatosha kabisa.

Hayo maneno ya "mwanzo hadi mwisho" usiyaache. Kwa 1:1, hata ukipunguza tundu la lensi hadi f/8, sehemu iliyo kali ina unene wa milimita moja hivi. Saa ikilala kwa mshazari, skurubu moja inakuwa kali na jirani yake inayeyuka. Punje ya kahawa ni mbaya zaidi kwa sababu ina tumbo: ukishika mstari wa katikati, kingo zinapotea, mpaka upige foto kadhaa kwa kusogeza fokasi kidogo kidogo na kuziunganisha.

Kikwembe ni rahisi, kwani kikinyooshwa kinalala bapa. Ukitaka mfumo wa nyuzi, agiza sentimita tatu za kitambaa, na taa itoke ubavuni ili nyuzi zitoe vivuli. Ukitaka ua zima la kikwembe, andika "foto ya karibu". Hiyo nayo ni kazi nzuri, na haihitaji lensi ya makro.