Taya dogo si lazima liwe la mtoto

Picha za mifupa ninazotumiwa kutoka Tanga na vijiji vya jirani ni za kila aina, lakini zinazokuja na hofu ni za taya. Fuvu la mbuzi halimshtui mtu, kwa sababu pembe zinajieleza. Taya likitoka udongoni peke yake, fupi, lenye magego ya duaraduara, watu hunyamaza, halafu mmoja anasema hili ni la mtoto. Kazi yangu ni kutambua mifupa ya wanyama, na mara nyingi taya la namna hiyo huwa la tumbili, kima au nyani.

Wengi huanza kwa kuhesabu meno, na hapo ndipo wanapopotea. Binadamu mzima ana meno 32. Nyani ana 32, tumbili na kima vilevile, tena kwa mpangilio uleule: kila upande, juu na chini, meno mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili na magego makubwa matatu. Hata mbuzi ana 32, ingawa yeye hana jino hata moja la mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo hachanganywi na mtu. Kinachotenganisha binadamu na jamaa ya nyani ni umbo la kila jino, siyo idadi.

Nichukue taya moja ambalo picha yake ilitoka kwenye shamba la mihogo upande wa Amboni, karibu na yale mapango ya mawe ya chokaa. Kijana aliyeituma aliandika: "Shikamoo mwalimu. Tumelikuta tukilima, wazee wanasema tusiliguse, huenda ni la mtoto." Nikamwitikia, nikamwambia wazee wako sahihi, msiliguse, ila nipigie picha nyingine hapohapo lilipo. Ile ya kwanza ilipigwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, na meno yote yakaonekana bapa. Nilimwomba asubiri jioni mwanga uje kwa ubavu, aweke rula kando ya taya bila kulisogeza, arudi nyuma kama nusu mita kisha avute picha kwa kuzumu. Simu ikisogezwa karibu mno hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma, na vipimo vinakuwa vya uongo.

Picha za jioni zilionyesha upande wa kushoto wa taya la chini. Sehemu ya mbele ilikuwa imevunjika, hivyo chonge na kidevu hamna. Yalibaki gego dogo moja na magego makubwa matatu.

Nilianza na sura ya juu ya magego hayo. Gego kubwa la nyani, tumbili, kima au mbega lina vinundu vinne vilivyokaa viwiliviwili, na kila jozi imeunganishwa na ukingo unaokata jino kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi. Ukitazama kutoka juu unaona matuta mawili yaliyolala sambamba na mtaro katikati yake, kama matuta ya viazi. Gego la binadamu halina matuta hayo. Vinundu vyake ni vya mviringo, vinne au vitano, na kati yake kuna mifereji midogo inayokatana bila kuacha kingo mbili sambamba za kuvuka jino. Katika picha ile matuta yalionekana wazi kwenye gego la pili na la tatu. La kwanza lilikuwa limelika, na rangi ya kahawia ya ndani ya jino ilishaanza kutokeza.

Kulika huko ndiko kulikoondoa hofu ya mtoto kabisa. Kwa binadamu gego kubwa la kwanza huota karibu na miaka 6, la pili karibu na miaka 12, na la tatu kwa kawaida baada ya miaka 17. Mtoto mwenye taya dogo kiasi kile angekuwa na meno ya utoto mdomoni, na ya ukubwani yangekuwa bado yamejificha ndani ya mfupa. Taya hili lilikuwa na magego yote matatu yameshaota, na la kwanza limeshatumika miaka. Basi ni taya la mnyama mzima ambaye umbo lake ni dogo. Ukikuta taya dogo, angalia gego la mwisho kabla ya kutamka neno mtoto.

Baada ya hapo likabaki swali la ni nani katika jamaa hiyo. Kwenye rula, magego makubwa matatu kwa pamoja yalichukua takriban sentimita 2. Kwa binadamu yangechukua sentimita 3 na zaidi kidogo, na kwa nyani mzima kwa kawaida zaidi ya hapo, maana magego ya nyani huongezeka ukubwa kwenda nyuma na la tatu ndilo refu kuliko yote. Halafu kuna alama moja ninayoipenda sana: gego la mwisho la chini la nyani lina kinundu cha tano kinachochomoza nyuma kama kisigino, na mbega naye anacho. Tumbili na kima hawana, gego lao linaishia kwenye tuta la pili. Hili la Amboni halikuwa na kisigino. Kwa hiyo ni tumbili au kima, na kwa nusu taya isiyo na mbele siwezi kuwatenganisha hao wawili kwa picha. Nilimwandikia hivyohivyo.

Sehemu ya mbele ingekuwepo, kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Taya la binadamu lina kidevu kinachotokeza mbele, na safu za meno zinafunguka kuelekea nyuma. La nyani limerudi nyuma kuanzia kwenye meno ya mbele kushuka chini, na safu zake mbili za magego zinakwenda karibu sambamba. Gego dogo la kwanza la chini nalo ni refu na limeinama, kwa sababu chonge ya juu hujinoa hapo. Kwa majike mwinamo huo ni mdogo, lakini ukitazama kwa ubavu utauona.

Njia hii ina mahali inapokwama. Mnyama mzee akila mpaka matuta yakaisha, gego linabaki bapa, na hapo usitoe jibu kwa jino moja. Nguruwe ndiye anayedanganya kuliko wote, maana magego yake yana vinundu vya mviringo kama ya mtu. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Henry Fairfield Osborn, alitangaza jamii mpya ya sokwe kwa jino moja lililolika kutoka Nebraska, na kufikia 1927 ilikubalika kwamba lilikuwa la mnyama wa jamaa ya nguruwe. Ukiwa na taya, tazama gego la mwisho: la nguruwe ni refu, limejaa vinundu vidogovidogo visivyo na mpangilio wa wawiliwawili.

Na kama huoni matuta, vinundu ni vya mviringo na kidevu kipo, acha kila kitu kilipo na umwite mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi. Hata likiwa la tumbili usilipeleke nyumbani. Mfupa wa mnyamapori ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukaa nao bila kibali ni kosa. Picha tatu zinatosha: kutoka juu, kutoka ubavuni, na moja inayoonyesha shimo lenyewe na kilicholizunguka.