Moto wa mhunzi: upepo uingie wapi, chuma kilale wapi

Msumari wa jahazi, kama wanaotumia mafundi wa Matondoni hapa Lamu, haufuliwi mpaka chuma kiwe cha manjano, karibu digrii 1,100. Makaa hayohayo yakiwaka yenyewe jikoni hayakufikishi huko. Utapata chuma chekundu, kigumu kwa nyundo.

Wengi hudhani mvukuto huongeza joto la makaa. Hapana. Kilo ya makaa ina joto lake lilelile, uivukutie usiivukutie. Kinachobadilika ni kasi ya kulitoa. Kaa huungua usoni tu, pale hewa inapoligusa. Jikoni limezungukwa na gesi iliyokwisha kuungua, kwa hiyo oksijeni mpya hulifikia polepole, na joto linapotea kila upande. Upepo ukisukumwa kati ya makaa huifagia gesi hiyo, na makaa ya saa nzima huisha kwa dakika chache. Joto likizaliwa upesi kuliko linavyotoroka, moto hupanda.

Ndiyo maana viriba vya mvukuto ni viwili: kimoja kikijaa, kingine kinasukuma, upepo usikatike. Tena mdomo wa kiriba haubanwi kwenye bomba la udongo. Huachwa upenyo, ili kiriba kikifunguka kivute hewa ya nje, si gesi ya moto itakayounguza ngozi.

Sasa, msumari ulale wapi? Wanaoanza huusogeza mpaka mdomoni mwa bomba, wakiamini ndipo penye moto. Pale oksijeni bado ni nyingi, nayo hukila chuma: utakitoa kimejaa magamba meusi yanayodondoka kwenye fuawe. Juu kidogo oksijeni inamalizikia, imegeuka kaboni dioksaidi, na hapo ndipo moto mkali kupita kote. Ukizidi kupanda, gesi hiyo hukutana na makaa mekundu ikawa kaboni monoksaidi. Mgeuko huo hula joto kiasi, lakini chuma hakipati magamba. Mimi huulaza msumari vidole vinne hivi juu ya bomba, kisha naufunika kwa makaa mengine. Kaboni monoksaidi hiyo ni sumu, hivyo banda langu liko wazi pande zote.

Makaa nayapepeta kwanza, nikichagua ya ukubwa wa ndimu. Vumbi huziba njia za upepo, moto ukawaka upande mmoja. Vipande vikubwa mno huacha mianya, oksijeni ikapita bila kutumika mpaka kwenye chuma.

Na upepo una kipimo. Sehemu moja tu kwa tano ya hewa ni oksijeni. Karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, inayopata joto bure na kuondoka nalo. Ukivukuta kupita kiasi, makaa yanaruka na magamba yanarudi. Ukiona cheche nyeupe zinapasuka kwenye ncha ya msumari, hizo si za makaa: chuma chenyewe kinaungua. Utoe mara moja, uikate ncha hiyo. Haifai tena kufuliwa.