Je, wajua sehemu ya pango na bili unayoweza kuiandikia biashara yako ya nyumbani?

"Nafanya biashara peke yangu na chumba kimoja cha nyumba niliyopanga ndicho ofisi. Kwenye hesabu za kodi, naruhusiwa kudai kiasi gani cha pango na bili, na nakipataje?"

Kwa kifupi, unadai sehemu ile tu ambayo biashara imeitumia. Kwa pango, sehemu hiyo hupatikana kwa vipimo viwili: ukubwa wa chumba ukilinganishwa na nyumba nzima, kisha muda ambao chumba kinafanya kazi ya biashara ukilinganishwa na muda wote ambao chumba kinatumika, wa biashara na wa familia. Bili hazifuati njia moja. Nyingine hugawanywa kama pango, nyingine zina kipimo chake, na nyingine hazidaiwi kabisa.

Tumchukue mshonaji aliyepanga nyumba yenye mita za mraba 60. Chumba cha kushonea kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, yaani mita za mraba 12. Kumi na mbili kwa sitini ni asilimia 20. Hadi hapo ni kazi ya futi kamba tu, lakini tayari kuna mahali watu wengi huteleza, nako ni kwenye ile 60. Kuna wanaotoa korido, bafu na jiko kwa hoja kwamba hivyo si vyumba. Wakivitoa, nyumba inabaki na mita 48 na sehemu ya biashara inapanda ghafla hadi asilimia 25. Pango, hata hivyo, linalipia sakafu yote, na mshonaji huyo hupita koridoni na hutumia bafu siku nzima ya kazi kama wenzake wa nyumbani. Mimi huhesabu sakafu yote ya ndani. Ni kipimo ambacho mkaguzi anaweza kukirudia mwenyewe kwa futi yake na kupata jibu lilelile, na hiyo ndiyo sifa kubwa ambayo hesabu ya namna hii inapaswa kuwa nayo.

Asiye na chumba kizima hupima eneo lililokaliwa na vitu vya kazi: meza, kiti na nafasi yake ya kusogea, rafu ya bidhaa. Kona ya mita 2 kwa mita 2 ni mita za mraba 4, basi. Sebule nzima haigeuki ofisi kwa sababu ina meza moja ya kazi.

Sasa muda. Mshonaji wetu anashona siku 6 kwa wiki, saa 9 kila siku, jumla saa 54. Jioni watoto husomea mlemle, saa 18 kwa wiki. Chumba basi kinatumika saa 72, na biashara imechukua 54, sawa na asilimia 75. Asilimia 75 ya ile 20 ni 15. Akiwa analipa pango la 6,000 kwa mwaka (sarafu nimeiacha bila jina, kwa kuwa hesabu ni ileile popote), anadai 900.

Hapa ndipo nchi zinapoachana, na tofauti si ndogo. Mamlaka ya kodi ya Kanada inasema chumba kinachochanganya kazi na maisha ya nyumbani kihesabiwe kwa saa za kazi zikigawanywa kwa 24, maana yake hata saa ambazo chumba kimelala kitupu zinahesabiwa upande wa nyumba. Kwa kanuni hiyo mshonaji ana saa 54 kati ya 168 za wiki, takriban asilimia 32, na dai lake la pango linashuka hadi kama 386. Marekani ni kali zaidi: kwa kazi nyingi, eneo lisipotumika kwa biashara peke yake na kwa kawaida, hakuna dai. Watoto wakisomea humo jioni, limekwisha. Uingereza inakubali kugawanya kwa muda. Mfano wa mamlaka yake ni nyumba ya vyumba 4 yenye bili ya umeme ya pauni 400: chumba kimoja kikiwa ofisi tu unadai 100, na ukifanyia kazi nyumbani siku moja tu kwa wiki unaigawa hiyo 100 kwa 7, unabaki na pauni 14.29. Australia inatenganisha pango na gharama za uendeshaji kama umeme. Bili unaweza kudai kwa kufanyia kazi nyumbani, lakini pango linataka eneo liwe kweli mahali pa biashara, lililotengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kabla hujagawa chochote, tafuta jibu la maswali mawili katika mwongozo wa mamlaka yako: je, chumba cha kuchangia kinakubalika, na saa zinagawanywa kwa nini?

Tuje kwenye umeme, maana ndiyo bili inayodhulumu watu pande zote mbili. Mshonaji analipa 960 kwa mwaka kwa uniti 2,800. Akitumia ile asilimia 15 ya chumba, anadai 144. Lakini chumba hiki hakifanani na vingine: kina cherehani ya mota na pasi inayokaa moto karibu mchana kutwa. Umeme haufuati ukubwa wa sakafu, unafuata kifaa. Alipochomeka mita ndogo kati ya soketi na vifaa vyake kwa wiki chache za kawaida, alikuta kazi inakula wastani wa uniti 3.5 kwa siku. Kwa siku 280 za kazi ni uniti 980, asilimia 35 ya matumizi yote ya nyumba. Dai sahihi ni 336, zaidi ya mara mbili ya lile la sakafu.

Mwandishi mwenye kompyuta ndogo na taa moja angepata kinyume chake. Friji, jiko na hita ya maji ndivyo vinavyobeba bili yake, na asilimia ya sakafu ingempa zaidi ya alichotumia. Ni vigumu kumwambia mtu apunguze dai lake, lakini kipimo cha haki hakichagui upande.

Ipo njia nyepesi ya kuona kama namba inaaminika. Chukua bili za mwaka kabla ya biashara kuhamia nyumbani. Mshonaji alikuwa analipa 600 kwa bei ileile ya uniti, na wakazi wa nyumba hawakuongezeka. Sasa analipa 960. Ongezeko ni 360, na yeye anadai 336. Namba mbili zilizopatikana kwa njia tofauti zimekaribiana, hivyo dai lina miguu. Kama angedai 600 huku bili imepanda kwa 360 tu, hata jirani asiyejua kodi angeuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Tahadhari ni kwamba bei ya uniti ikiwa imebadilika, linganisha uniti, usilinganishe fedha.

Intaneti nayo haihusiani na mita za mraba. Anaikadiria kwa matumizi: kwa wiki chache aliandika ni saa ngapi mtandao ulitumika kuwasiliana na wateja na kupokea oda, na ni saa ngapi ulikuwa wa nyumbani, akapata asilimia 40. Bili ya 360 inampa 144. Ada ya ulinzi na takataka ya nyumba, 240 kwa mwaka, inafuata sakafu kama pango, kwa hiyo 36. Maji hayadai. Kushona hakujaongeza maji ya maana, na dai la senti chache lisilo na msingi huwafanya watu watilie shaka hata yale mengine yaliyo sawa. Anayefulia wateja nguo angekuwa na hesabu tofauti kabisa.

Jumla yake ni 900, 336, 144 na 36, yaani 1,416. Kiasi hiki kinapunguzwa kwenye faida, hakitoki kwenye kodi yenyewe. Akiwa anatozwa asilimia 20, kinachobaki mfukoni ni takriban 283. Naliweka wazi kwa sababu wapo wanaoongeza dai wakiamini kila shilingi inarudi nzima, wakati kinachorudi ni sehemu yake tu, na hatari ya kuulizwa ni ya dai lote.

Kuna mambo yanayoonekana kama gharama ya pango na si gharama. Amana uliyompa mwenye nyumba ni fedha yako bado, haingii. Kama pango tayari lina umeme na maji ndani yake, huwezi kudai asilimia ya pango kisha ukadai bili hizo tena. Mkichangia pango wawili, unaanza na kile ulicholipa wewe, si kilichoandikwa kwenye mkataba. Matengenezo yanafuata mahali yalipofanyika: rangi ya chumba cha kazi inaweza kuhesabiwa kwa sehemu ya muda wake, asilimia 75 kwa mshonaji wetu, na rangi ya jiko haihesabiwi hata kidogo.

Baadhi ya nchi zinakuruhusu kuchukua kiwango kimoja badala ya kugawa bili. Marekani ni dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, na Uingereza ni pauni 10, 18 au 26 kwa mwezi kulingana na saa za kazi. Kiwango hicho ni kizuri kwa mwenye bili ndogo au asiye na risiti, ila ukishakichukua, gharama ambazo kinazibeba hazidaiwi mara ya pili kwa bili halisi. Tena Marekani na Kanada dai la nyumbani haliruhusiwi kukutengenezea hasara. Ukidai 1,416 na faida yako kabla ya hapo ni 1,000, unatumia 1,000. Kwa Kanada zile 416 zinasubiri mwaka ujao. Kwa Marekani husubiri ikiwa umetumia gharama halisi, lakini aliyechukua kiwango cha dola 5 hazihamishi.

Kwa ushahidi, weka mchoro wa nyumba wenye vipimo na tarehe, mkataba wa pango, na bili zote, hata zile za umeme wa kulipa kabla, ambazo ujumbe wake hufutika simu inapobadilishwa. Andika pia tarehe ulipoanza. Mshonaji angeanza kazi hii katikati ya mwaka, angedai miezi 6 tu, na bili iliyovuka mwisho wa mwaka ingegawanywa kwa siku: bili ya siku 30, ikiwa 21 kati yake ziko mwaka huu, inaingiza asilimia 70 kwenye hesabu za mwaka huu na iliyobaki inasubiri. Akihamia nyumba nyingine, anapima upya, na kila nyumba inabeba asilimia yake kwa miezi yake.