Unauza kusahihisha, somo lenyewe lipo bure

Nafundisha hesabu za kidato cha nne hapa Dodoma, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu iko WhatsApp. Watu wengi wananifuata inbox, wengine walimu wenzangu, wengine wanapika keki au wanafanyisha watu mazoezi, wote wanauliza nianzeje kuchaji mtandaoni. Wengi wao wameshaanza kurekodi video. Mimi nawaambia acha kwanza video, shika saa yako uhesabu dakika, na nitaeleza kwa nini.

Mara ya kwanza nilifungua grup la elfu 10 kwa mwezi. Niliposti status, watu wakasambaza, wakaingia 41. Nilifurahi sana maana hiyo ni laki 4 na elfu 10 na sijatoka hata Area D. Mpango ulikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa natuma somo fupi la sauti na picha ya ubao, wanafanya maswali matatu, wanapiga picha daftari wananitumia, mimi nasahihisha. Sasa kusahihisha kazi ya mtu mmoja vizuri, yaani unafungua picha, unazungushia kwa rangi nyekundu palipokosewa, unamrekodia vois ya nusu dakika, inakula kama dakika 6. Mara 41 ni dakika 246, zaidi ya saa 4 kila siku ya zoezi, na mchana niko darasani. Wiki ya pili nikawa narudisha kazi baada ya siku tatu, wiki ya tatu nikaanza kutuma majibu kwa grup zima ili kila mtu ajisahihishe. Hapo ndipo walipoondoka. Hakuna aliyelalamika, walinyamaza tu. Wiki ya kwanza walituma kazi watu 33, wiki ya tatu wakatuma 9. Kama una huduma ya namna hii hicho ndicho kipimo cha kuangalia kila Ijumaa: wangapi wametuma kazi. Usiangalie wangapi wamesoma meseji wala wangapi wamesema asante ticha.

Nilikuja kuelewa kwamba somo lenyewe kila mtu analo. Past pepa zipo kwenye tovuti ya NECTA, YouTube imejaa walimu wazuri wanaoeleza kwa Kiswahili. Kitu ambacho mtu hana ni wa kumwambia wewe unakosea hapa. Nina dada mmoja yuko Kongwa, anauza duka, anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa anajiamini algebra anaijua na video alikuwa ameangalia nyingi. Alinitumia hii:

```
3x - (x - 4) = 2x - 4
```

Jibu sahihi ni `2x + 4`, maana alama ya kutoa iliyoko nje ya mabano inageuza alama ya kila kitu kilichoko ndani, na yeye alikuwa anageuza cha kwanza tu. Nikarudi kwenye picha zake za nyuma nikakuta kosa hilohilo kwenye milinganyo, kwenye vekta, hadi kwenye hesabu za faida na hasara. Kosa moja lilikuwa linamharibia maswali ya mada tatu, na video haiwezi kulikamata kwa sababu video haioni daftari lake. Nilimpa maswali 10 ya mabano tu kwa siku mbili, likaisha. Yeye analipia hiyo. Rafiki yangu anayefundisha keki kule Nkuhungu ni vilevile, anataka picha ya keki iliyokatwa katikati, siyo ya juu, maana pale ndani ndiyo anaona kama ilitolewa mapema kwenye oveni.

Kwa hiyo nilipoanza upya nilianzia kwenye dakika. Nilijiuliza siku ya zoezi naweza kusahihisha muda gani usiku bila kuchoka, nikapata saa 1 na robo hivi. Gawanya kwa dakika 6, wanafunzi 12. Ndiyo ukubwa wa grup, na wa 13 anasubiri awamu ijayo hata akiomba vipi. Kwa wiki kusahihisha ni saa 3 na dakika 36, kuandaa masomo saa 2, Jumamosi tunakutana mubashara saa 1 na nusu, maswali ya inbox kama saa 1. Jumla saa 8 na ushee. Awamu yangu ni wiki 8, kwa hiyo ni saa kama 64.

Bei ikatokea hapo. Tuisheni ya nyumbani nachaji elfu 10 kwa saa, ila bodaboda kwenda na kurudi Kisasa ni elfu 3 na njiani napoteza nusu saa, kwa hiyo kiukweli napata elfu 7 kwa saa 1 na nusu. Mtandaoni nimeweka elfu 45 kwa awamu nzima. Watu 12 ni laki 5 na elfu 40, toa bando elfu 40 kwa miezi miwili, inabaki laki 5, ambayo ni kama 7,800 kwa saa. Lile grup la watu 41, kama ningelifanya kama nilivyoahidi, lingenilipa kama 5,400 kwa saa na ningeumwa.

Malipo nachukua kwa mafungu mawili, elfu 25 kabla ya kuingia na elfu 20 wiki ya nne. Mtu akiona haimfai ndani ya wiki ya kwanza namrudishia yote, na hilo naliandika kwenye meseji ya kwanza kabisa pamoja na namba na jina litakalotokea kwenye simu anapolipa. Siahidi gredi. Ninachoahidi ni kazi kurudi ndani ya saa 24 kama ameituma kabla ya saa 4 usiku, hicho kiko mikononi mwangu.

Na uchague mteja ambaye simu anayo. Nilipoteza muda mwingi kutafuta wanafunzi wa bweni, wakati shuleni simu hawaruhusiwi, wangepata wiki za likizo tu. Wanaorudia mtihani ndio wanafaa, ni watu wazima, wana kazi, wapo Mpwapwa, Manyoni, Bahi, kwenda senta ya tuisheni mjini ni nauli na siku nzima. Wengi wanatafuta D, ambayo inaanzia alama 30, na sekshen A peke yake ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, kwa hiyo wiki 8 nazielekeza huko na sigusi kila mada. Mtu anayetaka A namwambia mapema hii siyo ya kwake.

Kabla hajalipa nampa maswali 5 ya bure afanye kwa dakika 40. Yananionyesha kama nitaweza kumsaidia, na pia kama picha zake zinasomeka. Hili la picha msilidharau, nusu ya dakika zangu za mwanzo ziliishia kukodolea macho daftari lenye kivuli cha mkono. Taa iwe mbele, penseli hapana, na atume kwa HD.

Wewe chukua watu 3, wiki mbili, wachaji hata elfu 5 ili wawe siriasi, na kila ukisahihisha washa saa ya simu. Hizo dakika ndizo zitakuambia grup lako liwe la watu wangapi.